Hifadhidata Kwanza, Mfumo Baadaye: Kupanga Mashine Pepe Ziwake na Kuzimika na Seva

*Hotuba kwa mafundi wa TEHAMA, Tabora mjini*

Mwangaluka!

Ndugu mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, kaka na dada zangu mafundi mliotoka Nzega, Igunga, Urambo, Kaliua na Sikonge, nashukuru kwa nafasi hii. Wengi wenu mnatunza seva moja au mbili katika ofisi ambayo haina fundi wa usiku. Umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi saa tisa, hakuna mtu pale wa kuamka na kuwasha kitu. Seva yenyewe ndiyo inayotakiwa kujua nini kiwake, kwa mpangilio gani, na wakati wa kuzimika nani atangulie kulala. Hilo ndilo nitakalozungumza leo.

Nitatumia Proxmox, kwa sababu nilipouliza asubuhi wengi mlinyoosha mikono. Seva yenyewe nitaiita mwenyeji, na mashine pepe zinazokaa ndani yake nitaziita wageni. Mfano wangu ni chama kimoja cha akiba na mikopo hapa mjini, ambacho jina lake halituhusu. Kina mwenyeji mmoja na wageni watatu wa maana. Mgeni namba 110 ni seva ya majina, yaani DNS. Namba 120 ni hifadhidata ya PostgreSQL yenye akaunti zote za wanachama. Namba 130 ni mfumo wenyewe ambao makarani wanaufungua kwenye kivinjari. Mfumo hauwezi kufanya lolote bila hifadhidata, na wote wanatafutana kwa majina kupitia 110.

Usiku mmoja umeme ulikatika, UPS ikaishiwa chaji, kila kitu kikazima ghafla. Umeme uliporudi mwenyeji akajiwasha, akawawasha wageni wote watatu. Asubuhi ukifungua ukurasa wa Proxmox unaona alama za kijani kwa wote, hakuna hata mmoja aliyelala. Lakini saa mbili makarani wanakaa dirishani, wanachama wamepanga foleni, na mfumo haufunguki. Mpangilio ulikuwepo: 110 kwanza, 120 wa pili, 130 wa tatu, na mwanya wa sekunde 60 kati ya hifadhidata na mfumo. Aliyeupanga alikuwa ameujaribu na ulifanya kazi kila alipouanzisha upya mwenyeji. Kwa nini basi usiku ule ulishindwa?

Tuanze na jinsi mpangilio wenyewe unavyowekwa, kisha tutarudi kwenye usiku ule tuutazame kwa karibu.

Kila mgeni ana mambo mawili ya kuwekwa, na watu huyachanganya. La kwanza ni ruhusa ya kuwaka pamoja na mwenyeji. Kwenye ukurasa wa mgeni, sehemu ya `Options`, inaitwa `Start at boot`. Kama haijawekwa, mgeni huyo akizimika na mwenyeji hatarudi mpaka mtu amwashe kwa mkono, hata kama alikuwa anafanya kazi mwaka mzima bila kuguswa. La pili ni nafasi yake kwenye foleni, ambayo inaitwa `Start/Shutdown order`, na ndani yake mna namba ya foleni, sekunde za kusubiri baada ya kumwasha, na sekunde za kumvumilia wakati wa kumzima. Kwa amri, unaweka yote kwa mkupuo:

```
qm set 110 --onboot 1 --startup order=1,up=20,down=60
qm set 120 --onboot 1 --startup order=2,up=60,down=180
qm set 130 --onboot 1 --startup order=3,down=90
```

Namba ndogo huwaka kwanza. Wakati wa kuzima foleni inageuzwa, mwenye namba kubwa anazimwa kwanza na mwenye namba 1 anabaki mpaka mwisho. Hivyo ukipanga kuwaka vizuri umepanga na kuzimika pia, na ndivyo tunavyotaka: mfumo uache kuandika kwanza, ndipo hifadhidata ifungwe, ndipo seva ya majina iondoke. Wageni wenye namba sawa hufuatana kwa namba za utambulisho wao. Mgeni ambaye hukumpa namba ya foleni huwaka baada ya wote wenye namba, na wakati wa kuzima hutangulia. Kwa hiyo mashine yako ya majaribio iache bila namba. Itakuwa ya mwisho kula umeme na diski wakati wa kuwaka, na ya kwanza kuachia wakati wa kuzima. Kwa wanaotumia kontena badala ya mashine pepe kamili, amri ni `pct set` na maneno ni yale yale.

Sasa ile `up=60`. Hapa ndipo watu wengi wanapoelewa vibaya, na naomba tutulie hapo. Sekunde hizo zinahesabiwa tangu mwenyeji amalize kumwasha mgeni, kama vile umebonyeza kitufe cha kompyuta. Mwenyeji hajui kilichomo ndani. Hajui kama Linux imeshapanda, wala kama PostgreSQL imefungua mlango. Anahesabu 60, kisha anamwasha anayefuata. Treni kuondoka stesheni ya Tabora siyo kufika Kigoma, na mwenyeji anayejua habari za kuondoka tu hawezi kukuahidi lolote kuhusu kufika.

Tena kuna jambo zito zaidi. Hiyo ni foleni tu, haina sharti ndani yake. Kama 120 akishindwa kuwaka kabisa, tuseme diski yake haijapatikana, Proxmox inaandika kwenye kumbukumbu kwamba imeshindwa, haisubiri zile sekunde 60, inasonga mbele na kumwasha 130. Mfumo utawaka ukiwa hauna hifadhidata. Kwa hiyo usitegemee kwamba 130 akiwa kijani maana yake 120 yuko salama.

Turudi usiku ule. Aliyepanga alipima siku njema. Alizima mwenyeji kwa utaratibu, akamwasha, akaona hifadhidata iko tayari ndani ya sekunde kama 40, akaweka 60 apate nafasi. Hesabu hiyo ni sahihi kwa siku njema. Lakini PostgreSQL iliyozimwa ghafla haifunguki kama iliyofungwa vizuri. Ikigundua kwamba haikufungwa kwa utaratibu, inaanza kwanza kuhakikisha mafaili yote ya data yameandikwa kweli kwenye diski, kisha inasoma kumbukumbu zake za miamala tangu mahali pa mwisho ilipohakikisha, na kuirudia miamala hiyo mmoja baada ya mwingine mpaka data ikae sawa. Kabla yake Linux nayo imekagua diski zake. Na haya yote yanatokea wakati wageni wengine wanapanda kwa pamoja, wanagombea diski zile zile. Kwa diski za kuzunguka, kama zilizokuwa pale, sekunde 40 ziligeuka dakika tatu na ushei.

Katika muda huo PostgreSQL inajibu, ila inajibu kwa kukataa. Kila anayegonga anapewa maneno haya:

```
FATAL:  the database system is starting up
```

Mgeni 130 akawashwa baada ya zile sekunde 60. Mfumo ukapanda, ukaenda kugonga hifadhidata, ukakataliwa, ukafa. Huduma ile ilikuwa imeandikwa `Restart=on-failure`, kwa hiyo systemd ikauinua tena. Ukafa tena. Kwa kawaida systemd haipumziki hata sekunde moja kati ya kuinua na kuinua. Inasubiri milisekunde 100 tu. Na kwa kawaida hiyo hiyo, huduma ikianzishwa mara 5 ndani ya sekunde 10, systemd inakata tamaa na kuiacha. Ndani ya mgeni 130 `systemctl status` ilionyesha `failed`, na chini yake `Start request repeated too quickly`. Dakika kama mbili baadaye hifadhidata ikawa tayari kabisa, wala hakuna aliyegonga tena mpaka makarani walipofika.

Ukiona maneno hayo mawili pamoja, la kukataliwa kwenye kumbukumbu za mfumo na la kurudia haraka mno kwenye systemd, umeshajua ugonjwa. Kitu chenyewe ni kizima, kimewahi tu.

Nilipofika hapa dada mmoja kutoka Urambo alinyoosha mkono, akauliza: "Samahani kaka, si tuweke tu `up=600`, tumalize?" Ni swali la haki kabisa, dada yangu. Ukifanya hivyo, kila utakapomwanzisha mwenyeji upya mchana, hata kwa kazi ya dakika mbili, makarani watakaa dakika kumi wakati hifadhidata iko tayari tangu sekunde ya 40. Na bado hujapata uhakika, maana usiku ambao marekebisho yatachukua dakika 11, utarudi pale pale. Sekunde za mwenyeji ni kisio. Tunachotaka ni mfumo uiulize hifadhidata yenyewe kama iko tayari, na uendelee kuuliza mpaka ijibu ndiyo.

Wengine hujaribu kuandika `After=postgresql.service` ndani ya 130. Haisaidii, kwa sababu systemd ya 130 inazijua huduma zilizomo ndani ya 130 tu. PostgreSQL iko kwa jirani, ndani ya 120, na systemd haimwoni jirani.

Dawa ni hii. Ndani ya mgeni 130 sakinisha `postgresql-client`, upate amri inayoitwa `pg_isready`. Amri hiyo inagonga hifadhidata na kurudisha 0 ikiwa inapokea watu, 1 ikiwa ipo lakini inakataa kama usiku ule, na 2 ikiwa hakuna jibu kabisa. Kisha toa amri `systemctl edit` pamoja na jina la huduma ya mfumo wako, uongeze mistari hii:

```
[Unit]
StartLimitIntervalSec=0

[Service]
ExecStartPre=/bin/sh -c 'until pg_isready -q -h 10.0.0.20; do sleep 3; done'
TimeoutStartSec=15min
Restart=on-failure
RestartSec=10
```

Mstari wa `ExecStartPre` ndio unaosubiri: unagonga, ukikosa unapumzika sekunde 3, unagonga tena, na mfumo hauanzi mpaka pale panapojibiwa 0. Nimeweka anwani ya namba badala ya jina makusudi, ili kusubiri huku kusitegemee tena seva ya majina. Mstari wa `TimeoutStartSec` wengi huusahau, na bila huo dawa yenyewe inageuka tatizo. Kwa kawaida systemd inaipa huduma sekunde 90 za kuanza, na muda wa kusubiri kule ndani unahesabiwa humo humo. Hifadhidata ikichukua dakika tatu, systemd itaua kusubiri kwenyewe kwenye sekunde ya 90. Dakika 15 zinatosha kwa ofisi kama hii. `RestartSec=10` inaweka pumziko la sekunde kumi kati ya majaribio, na `StartLimitIntervalSec=0` inaondoa ile hesabu ya kukata tamaa.

Ukishafanya hivyo, sekunde za `up` kwa mwenyeji zinabaki na kazi ndogo tu ya kupunguza msongamano wa diski. Mnaweza kuiacha 60 au kuipunguza hadi 30, wala hakuna atakayeumia.

Niseme na mpaka wa dawa hii. `pg_isready` haijaribu nywila wala haiangalii kama hifadhidata ya jina lako ipo. Inajua tu kwamba mlango uko wazi. Pia inafanya kazi wakati wa kuanza tu. Ukimwanzisha upya 120 peke yake siku ya kazi, kwa mfano kwa ajili ya masasisho, foleni ya Proxmox haihusiki na 130 hatajua. Hapo ni mfumo wenyewe unaotakiwa uwe na tabia ya kuunganisha upya unapokatika, na kama hauna, muulizeni aliyeutengeneza.

Sasa tugeukie kuzima, maana ukweli ni kwamba usiku ule uliharibika tangu kwenye kuzima. Hifadhidata ingefungwa vizuri, ingefunguka kwa sekunde 40, na hata mpangilio wa zamani ungefanya kazi.

Mwenyeji anapozimwa kwa utaratibu, Proxmox inampelekea kila mgeni ombi la kuzimika, kisha inamsubiri. Asipozimika ndani ya sekunde zilizoandikwa kwenye `down`, anakatwa kwa nguvu. Usipoandika kitu, mashine pepe inapewa sekunde 180. Je, zinatosha? Msikisie, pimeni. Jioni, makarani wakiondoka, andika kwenye mwenyeji:

```
time qm shutdown 120 --timeout 600
```

Amri hiyo inarudi mgeni akishazima, na inakuonyesha muda aliotumia. Pima kwa kila mgeni, kisha weka `down` mara mbili hivi ya ulichokipata. Kwenye chama kile hifadhidata ilichukua sekunde 70 na kitu, tukampa 180. Mfumo na seva ya majina walizima haraka, wakapewa 90 na 60. Kuweni macho na mgeni wa Windows: akiwa na masasisho yanayosubiri, huyasakinisha wakati wa kuzima, na dakika tatu zinapita akiwa bado anaandika mafaili ya mfumo. Kumkata katikati ya kazi hiyo ni hatari kweli. Masasisho yake yapangieni siku na saa, yasivizie umeme kukatika.

Na kama mgeni hasikii ombi kabisa? Mtamjua kwa sababu kila mara anamaliza muda wake wote, kisha kwenye kumbukumbu za kazi ya kuzima unaona `terminating now with SIGTERM`. Hapo sakinisha `qemu-guest-agent` ndani yake, uhakikishe inafanya kazi, kisha washa kipengele chake upande wa mwenyeji kwa `qm set 120 --agent enabled=1`. Anzeni ndani kwanza ndipo nje, na mgeni azimwe na kuwashwa upya kabisa ili mabadiliko yashike.

Sasa jumlisheni. Wenye namba tofauti husubiriana, kwa hiyo siku mbaya kabisa mfumo utatumia sekunde 90, hifadhidata 180, seva ya majina 60. Jumla ni 330, yaani dakika tano na nusu. Mwenyeji naye anahitaji kama dakika moja kujifunga. Hivyo UPS ikibakiwa na chini ya dakika saba wakati amri ya kuzima inatolewa, mpangilio wenu wote ni wa kwenye karatasi. Na UPS nyingi, zikiachwa kama zilivyotoka kiwandani, hupiga kelele ya chaji ndogo zikiwa zimebakiza dakika mbili au tatu.

Wanaotumia NUT, programu inayozungumza na UPS, wanaweza kuilazimisha itoe taarifa mapema. Kwenye `ups.conf`:

```
[ups1]
    driver = usbhid-ups
    port = auto
    ignorelb
    override.battery.runtime.low = 600
```

Neno `ignorelb` linaiambia NUT isifuate kengele ya UPS yenyewe, na 600 ni sekunde: ikibaki makisio ya dakika kumi, kuzima kuanze. Kabla hamjaweka, andikeni `upsc ups1` muone kama UPS yenu inataja `battery.runtime`. Isipotaja, tumieni asilimia ya chaji kupitia `battery.charge.low`, na muwe wakarimu, maana betri iliyokaa miaka mitatu kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, kwa joto la Tabora la mwezi wa kumi, inaonyesha asilimia 60 kisha inaanguka ghafla. NUT iwekwe kwenye mwenyeji. Nimeona mahali waya wa USB wa UPS umepelekwa ndani ya mgeni. Mgeni huyo anapozimwa, hakuna tena anayezungumza na UPS.

Kuna jambo moja la BIOS ambalo ningependa kila mmoja alikague akirudi ofisini. Seva nyingi zina kipengele cha kuamua zifanye nini umeme ukirudi, mara nyingi kinaitwa `Restore on AC Power Loss`, chenye chaguo la kuwaka, kubaki imezima, au kurudia hali ya mwisho. Watu huchagua hali ya mwisho wakidhani ndiyo busara. Lakini sisi tumeshaizima seva kwa utaratibu kabla UPS haijaisha, kwa hiyo hali yake ya mwisho ni kuzima, na itabaki imezima mpaka fundi aje. Chagueni kuwaka, `Power On`.

Hata hivyo kuwaka huko kunahitaji seva ione umeme umekatika kweli na kurudi. Fikirieni: NUT imeanza kuzima, wageni wamelala, mwenyeji amejifunga, na dakika hiyo hiyo umeme wa mtaa unarudi. UPS haikuwahi kukata upande wa seva. Kwa seva hakuna kilichokatika, kwa hiyo hakuna cha kurudi, na inabaki gizani huku taa za ofisi zote zinawaka. Ndiyo maana NUT ina hatua ya mwisho ya kuiamuru UPS ikate umeme wa upande wake kisha iurudishe. Alama yake ni faili linalotajwa kwenye `POWERDOWNFLAG` ndani ya `upsmon.conf`. Hakikisheni mstari huo upo, na kwamba UPS yenu inaikubali amri hiyo, maana za bei nafuu nyingine haziikubali.

Swichi ya mtandao nayo huchukua muda kupanda. Kama wageni wenu wanaitegemea mara tu wanapowaka, mwambieni mwenyeji atulie kidogo kabla ya kumwasha wa kwanza: `pvenode config set --startall-onboot-delay 60`.

Wachache wenu mna wenyeji zaidi ya mmoja kwenye kundi. Namba za foleni zinafanya kazi ndani ya mwenyeji mmoja tu; mfumo ulioko kwa mwenyeji A hauwezi kupangwa nyuma ya hifadhidata iliyoko kwa B. Na mgeni aliyewekwa chini ya HA hafuati kabisa `Start at boot` wala foleni. Kwenu ninyi kile kitanzi cha `pg_isready` ndicho chombo pekee mlicho nacho, na kinatosha, kwa sababu hakijali hifadhidata iko kwa nani.

Namalizia na jaribio. Chukueni nakala rudufu kwanza na mhakikishe inafunguka. Kisha Jumamosi jioni chomoeni UPS ukutani, wala msiguse kitu kingine. Subirini mpaka seva izime yenyewe na UPS ikate, ndipo muirudishe ukutani na mkae pembeni. Ikishawaka, angalieni sehemu tatu. Kwenye orodha ya kazi za Proxmox, fungueni kazi ya kuzima wote na kazi ya kuwasha wote, mtafute `SIGTERM` na `failed`. Ndani ya 130, `journalctl -b` itawaonyesha mfumo ulisubiri kwa muda gani kabla ya kuanza. Ndani ya 120, fungueni kumbukumbu za PostgreSQL, na katika mistari ya mwanzo baada ya kuwaka mtafute ule wenye maneno `shut down`. Ukisomeka `database system was not properly shut down; automatic recovery in progress`, mahali fulani kwenye kuzima bado muda hautoshi, rudini kwenye hesabu ya `down` na ya UPS. Ukisomeka `database system was shut down at` na saa yake, basi hifadhidata ilipata nafasi ya kufunga, na saa hiyo itawaambia ilimaliza dakika ngapi kabla UPS haijakata. Dakika hizo ziandikeni ukutani karibu na UPS, na mwakani betri ikizeeka mpime tena mlinganishe.

Karibuni maswali.